Moyo wa Ng'ombe na Kanzu ya Shemeji

Nilikuwa nimemfuata dada yangu kwa ajili ya chakula cha mchana tu. Mwanawe wa kidato cha pili akaniwahi mlangoni na daftari la Baiolojia. "Mjomba, huu mchoro wa moyo mbona umeandikwa kinyume? Upande wa kushoto wameandika kulia, na kulia wameandika kushoto."

Nikatazama. Kweli bwana! Nikamwambia mwalimu wake alipitiwa, nikachomoa kalamu ya wino, nikakata majina yote na kuyahamisha. Auriki ya kulia nikaipeleka kulia kwa karatasi, ventriki ya kushoto nikaipeleka kushoto. Mtoto akanitazama kwa jicho la mashaka. Mimi nikaona hapa heshima yangu inapimwa, nikaenda bucha.

Mwenye bucha nilimwomba asiikate ile mirija ya juu. Akanishangaa, maana wenzangu huomba itolewe, lakini akanipa moyo wa karibu kilo mbili. Ulikuwa na mkato mrefu ubavuni, alama ya mkaguzi wa nyama, ambaye hupasua kutafuta viluwiluwi vya tegu.

Uani tukauweka kwenye sinia, ncha chini, mirija juu. Nikamwambia aubinye kila upande. "Huku ni laini kama mfuko," akasema, "na huku ni kugumu kama goti." Nikamweleza: upande laini una ventriki ya kulia, inayosukuma damu mpaka mapafuni tu, hapo jirani. Mgumu una ventriki ya kushoto, inayoisukuma mpaka kwenye kidole cha mguu, ndiyo maana ukuta wake ni mnene karibu mara tatu.

"Sasa mjomba, uweke kifuani kwako tuone."

Nikaubandika kwenye shati, ncha ikielekea kushoto kwangu kama ulivyo wangu. Upande mgumu ukawa kushoto kwangu. Yeye, aliyesimama mbele yangu, akanyoosha mkono wake wa kulia akaugusa. Kimya kikapita. Mchoro ni mtu aliyekugeukia uso. Kushoto kwake ni kulia kwako. Mwalimu hakupitiwa. Aliyepitiwa alikuwa na damu ya ng'ombe kwenye mfuko wa shati.

Ili kuficha aibu nikasema twende kwenye safari ya damu. Tukapitisha kidole. Damu iliyochoka inarudi kwa vena kava mbili, inaingia auriki ya kulia, inashuka kupitia vali ya vipande vitatu hadi ventriki ya kulia, kisha inapanda ateri ya mapafu. "Lakini kwenye mchoro hiyo ateri ni ya bluu," akadakia. Hapo wengi huanguka mtihani. Ateri maana yake ni mshipa unaotoka moyoni, haijalishi umebeba damu ya namna gani. Ikishapata oksijeni, damu hurudi kwa vena za mapafu hadi auriki ya kushoto, inapita vali ya vipande viwili, inaingia ventriki ya kushoto na kutokea aota, mshipa mkuu wa kwenda mwilini.

Ule mkato tukauchungulia. Ndani mlikuwa na kamba nyeupe, nyembamba kama uzi wa kuvulia dagaa, zimeshika kingo za vali na kufungwa kwenye vinundu vya ukuta. Kazi yake ni kuizuia vali isipinduke kama mwavuli kwenye upepo.

"Tujaribu na maji," nikasema. Ningeishia pale ningekuwa mtu mwenye akili.

Mtoto akaushona mkato kwa uzi wa bluu wa sare yake. Tukajaza maji kwa jagi kupitia auriki ya kushoto. "Nikikamua," nikamwambia, "vali itajifunga, maji hayatarudi juu, yatatafuta aota." Nikakamua kwa mikono miwili, kwa nguvu zote.

Vali ikajifunga vizuri sana. Aota nayo ilikuwa imeelekea mlango wa uani, ambapo shemeji alikuwa akiingia kutoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Mchirizi wa maji mekundu ukampata kuanzia kifuani mpaka kitovuni.

"Shemeji," nikasema, "hiyo ni aota."

Hakunijibu. Alikwenda kubadili nguo.

Dada alikuwa na hasira, lakini nyama ni nyama. Moyo ukaingia sufuriani na ndizi. Jioni tukakaa mkekani. Shemeji akatafuna, akaacha kutafuna, akavuta kitu kirefu katikati ya meno. Akakiinua kwenye taa.

"Hii nini?"

"Hizo ni kamba za vali, shemeji," nikawahi. "Ni za kawaida kabisa."

Mtoto hata hakuinua kichwa kwenye sahani. "Baba, kamba za vali ni nyeupe. Huo ni wa sketi yangu."