Salamu Kutoka Moshono

Nilipoingia zamu ya asubuhi ofisini kwetu Arusha, tunakohudumia wateja wa intaneti, foleni ilikuwa na tiketi 41. Sheria ya dada msimamizi ni moja: usijibu hata moja kabla hujazisoma zote. Kila tiketi unaiuliza ni wangapi wameguswa, na kazi yao imesimama au wana njia nyingine.

Ya juu kabisa ilikuwa ya mwenye hoteli Sakina: "DHARURA!!! HARAKA SANA!!!" Anataka jina la waifai libadilishwe liwe la maharusi. Harusi yenyewe Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikaishusha chini.

Zilizobaki, mfumo ulikuwa umeshazigawa kwa maneno yaliyomo: printa haichapi, mashine ya kadi imegoma, kamera hazionekani kwenye simu. Ukizitazama hivyo ni mada tatu za mafundi watatu. Lakini nilipozipanga kwa eneo na saa, tiketi 19 zote zilitoka Njiro na zote zilianza kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Printa zote hizo haziwezi kuugua pamoja. Nikaziunganisha chini ya tiketi moja, nikaipa daraja la kwanza, na fundi akaondoka na betri mbili nzito, maana tulidhani umeme umekatika kwenye kituo.

Ndipo nikafika chini kabisa, kwenye mada ya "Pongezi", ambako mfumo hutupa kila barua yenye neno "asante". Kichwa: "Salamu." Mwandishi alikuwa mzee wa Moshono tuliyemwekea dishi juu ya paa la stoo yake, lile linalopeleka mtandao Njiro.

"Wanangu wapendwa, nawasalimu katika jina la Bwana. Asante kwa kazi njema. Mvua zimetubariki, mjukuu amefaulu, ng'ombe amezaa." Aya nne za hivyo. Halafu: "Zaidi ya hayo, sahani yenu imeanguka usiku, inaning'inia na waya wake kwenye migomba. Taa inawaka. Mbwa wanaibwekea."

Taa inawaka! Umeme wa dishi hupita kwenye waya huohuo, kwa hiyo umeme upo. Dishi limepoteza uelekeo tu. Nikampigia fundi.

"Acha betri, beba spana."

"Nimeshazipandisha kwa ngazi, kaka," akajibu akihema.

Saa nne hivi, Njiro wakaanza kurudi mmoja mmoja. Mzee naye akaleta tiketi mpya, mfumo ukaipeleka Pongezi. Safari hii nilianza kusoma mwishoni: "Zaidi ya hayo, kijana wenu bado yuko juu ya paa. Ngazi ilikuwa ya jirani, na jirani ameshaichukua kwenda nayo shamba."

Nikaipa daraja la pili. Aliyeguswa ni mmoja, lakini kazi imesimama na njia nyingine hana.