Kidole kimoja, majibu mawili, sindano tatu

Huku kwetu Lamu mimba haianikwi. Mtu hunyamaza mpaka tumbo liseme lenyewe, watu wasije wakamtia kijicho, kwa hivyo kliniki anaanza mwezi wa sita au wa saba. Mi siri hiyo naielewa, ila kwa kaswende inatuponza.

Mtoto wa mamangu mdogo, anakaa Pate, alienda mwezi wa tano baada ya mimi kumsumbua sana. Akadungwa kidole, tone moja la damu, kipimo kimoja kinasoma ukimwi na kaswende pamoja, dakika kama 20 hivi. Ukimwi hana, kaswende anayo. Akaniambia da, mbona sina kidonda chochote? Ndo ilivyo, kidonda cha kaswende hakiumi na kinapona chenyewe, mwanamke kikiwa kwa ndani hata hakioni, ugonjwa unabaki kwa damu na kupitia kondo la nyuma unamfikia mtoto, anaweza kufia tumboni au kuzaliwa mgonjwa.

Dawa ni sindano ya penisilini ya matakoni, na inauma kwelikweli. Kwa mjamzito hii ndo ya kutegemea kwa sababu inavuka mpaka kwa mtoto, vidonge vingine vinaweza kumsaidia mama vikamwacha mtoto vilevile. Ugonjwa ukiwa mpya sindano moja yatosha, lakini yeye hakujua aliupata lini, kwa hivyo akaandikiwa tatu, moja kila wiki. Hapo ndo taabu, maana ukiruka wiki huenda ukaanza upya, na mashua ya Pate inategemea maji, yakipwa pale Mkanda mnangoja. Ya pili ikabidi alale kwangu.

Sasa mume. Naye akasema mi mzima, sina kidonda! Bila yeye kutibiwa na wao kujizuia, mke angeambukizwa tena na sindano zote zingekuwa bure. Kwa maoni yangu kliniki isimtume mke peke yake na habari hiyo nyumbani, anaenda kuitwa malaya, wamwite mume wazungumze naye wenyewe. Huyu alikubali pale nesi alipomwambia kwamba kipimo hakisemi nani alianza.

Na lau ingekuwa ukimwi? Angeanza vidonge siku hiyohiyo, vya kila siku, maisha. Bila dawa watoto 15 mpaka 45 kwa kila 100 wanaambukizwa, mama akimeza vizuri hawafiki 5, na ananyonyesha, mtoto naye anapewa dawa yake ya maji.

Sindano ya mwisho aliipata mwezi wa sita. Ili mtoto ahesabiwe katibiwa vizuri inatakiwa sindano ya kwanza iwe angalau siku 30 kabla ya kujifungua, sasa yule anayeanza kliniki mwezi wa nane hebu mpigie hesabu mwenyewe, na hapo mashua haijachelewa.