Hasira za kabla ya hedhi: homoni, mfuko mtupu au sonona?

Mwanamke akisema kwamba kila anapokaribia hedhi anabadilika na kuwa mkali, husikia majibu ya aina mbili. Wapo wanaomwambia ni homoni tu, zitapita. Wengine humwambia asisingizie homoni, matatizo yake yako nyumbani au kazini. Kila upande una ukweli wake, na kila mmoja unaweza kumwumiza.

Wanaotaja homoni wana ushahidi. Yai likishapevuka, projesteroni hupanda kwa takribani wiki moja, kisha yenyewe pamoja na estrojeni hushuka kabla ya damu kuanza. Wanawake wengi huhisi badiliko dogo tu. Wachache, asilimia chache kati yao, hupatwa na hali kali inayovunja kazi na ndoa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipimo vya damu vya wanawake hawa kwa kawaida havionyeshi homoni nyingi wala pungufu. Tofauti iko kwenye ubongo, unaoyapokea vibaya mabadiliko ya kawaida. Ndiyo maana kulipia kipimo cha homoni ili kuthibitisha hali hii ni kupoteza fedha.

Upande wa pili nao una hoja nzito: kumbukumbu hudanganya. Anayeamini kwamba hedhi humkasirisha hukumbuka ugomvi uliotokea siku hizo na kusahau ule wa katikati ya mwezi. Kwa sababu hiyo wataalamu hawatoi jina la ugonjwa kwa maelezo ya mdomo peke yake. Hutaka kumbukumbu ya kila siku kwa angalau mizunguko miwili.

Daftari la shule linatosha. Kila usiku andika alama 1 hadi 6 kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi, 1 ikiwa hakuna kabisa na 6 ikiwa imezidi. Andika pia siku ya damu na tukio kubwa la siku hiyo, kama mtoto kuugua au deni kudaiwa. Usirudi nyuma kujaza siku ulizoruka, kwa sababu hapo ile kumbukumbu inayodanganya itakuwa imerudi kazini. Baadaye linganisha siku saba kabla ya damu na siku ya 4 hadi ya 10 tangu ilipoanza. Mimi naona wiki hii ya pili ndiyo yenye majibu. Kama ni homoni peke yake, wiki hiyo mwanamke huwa mzima.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule binafsi mwenye mzunguko wa siku 27, anayelipwa mwisho wa mwezi na kuishiwa fedha kuanzia tarehe 23. Damu inaanza Machi 3, kisha Machi 30. Mara zote mbili hasira yake imefika 5 siku chache kabla. Inaonekana kesi imekwisha, lakini siku hizo ndizo pia mfuko wake ulikuwa mtupu. Akiendelea kuandika, damu inakuja Aprili 26, kisha Mei 23. Sasa wiki ya kabla ya hedhi ni Mei 16 hadi 22, fedha bado zipo, na hasira inapanda hadi 5 vilevile. Siku zilizofuata fedha zimeisha, lakini hasira imerudi 2. Hasira hii inafuata mzunguko, haifuati mshahara.

Huzuni yake, hata hivyo, ina hadithi nyingine: 5 kabla ya damu, na 3 au 4 hata katika wiki ile ya nafuu. Hapo kuna kitu cha chini ambacho hedhi inakichochea tu. Huenda ni sonona, au tezi ya thairoidi, au upungufu wa damu unaomchosha, hasa kama hutokwa damu nyingi. Haya mawili ya mwisho hupimwa kwa damu, na kipimo hiki kina maana. Akiwa na mawazo ya kujiua, asisubiri mzunguko wa pili. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Anayetumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu anahitaji tahadhari nyingine. Sindano hiyo huzuia yai kupevuka, kwa hiyo maelezo ya kabla ya hedhi hudhoofika, na swali linakuwa kama hali ilianza baada ya kuchomwa.

Kwa anayekaribia ukomo wa hedhi, hesabu ya siku huvurugika kwa sababu damu huja inapotaka. Homoni zake hupanda na kushuka wiki hadi wiki, na kwa aliyevuka miaka 45 kipimo kimoja hakiamui kitu. Aongeze safu ya joto la ghafla na jasho la usiku. Kama siku mbaya hufuata usiku wa jasho na kukosa usingizi, tiba ya kuanza nayo ni ya jasho hilo. Kama hali ni mbaya hata baada ya kulala vizuri, daktari aitafute sonona yenyewe.