Kitufe cha Hifadhi kimeenda wapi, na mimi naulizwa

Nyie mnaobonyeza "Sawa" kabla hata meseji haijamaliza kufunguka, leo tuongee, maana anayeandika yale maneno ni mimi. Ndo kazi yangu, kila apu yetu ikitoka na apdeti mpya naandika kilichobadilika, halafu mnakifuta kwa kidole gumba bila hata huruma.

Siwalaumu sana lakini. Watu wamelishwa "Tumerekebisha hitilafu mbalimbali na kuboresha utendaji" mpaka wamekinai, sasa hitilafu gani, ilikuwa inamsumbua nani, hata ofisini ukiuliza tunabaki kutazamana. Hata Apple kwenye masharti ya App Store maneno ya jumla hivyo wanayaruhusu kwa marekebisho madogo tu, mabadiliko makubwa wanataka uyataje.

Sasa juzi kati madivelopa wetu wakaondoa kitufe cha "Hifadhi" kwenye apu ya kuandikia kumbukumbu. Sababu wanayo, apu sasa inahifadhi yenyewe kila unapoandika. Nikaletewa maelezo: "Tumeondoa uhifadhi wa mkono na kuweka usawazishaji wa nyuma ya pazia." Kaka, nyuma ya pazia tena, hii ni apu au maigizo? Bosi naye akapita akachomeka lake juu kabisa: "Tunayo furaha kubwa kuwaletea uzoefu mpya wa uandishi!" Yaani mtu anatafuta kitufe chake hakioni, wewe unamwambia una furaha.

Mimi nikajiuliza kitu kimoja tu, huyu mtu akikuta kitufe hakipo ataogopa nini? Ataogopa maandishi yake yamepotea. Basi nikaanzia hapohapo: "Maandishi yako sasa yanajihifadhi yenyewe unapoandika, kwa hiyo kitufe cha Hifadhi hakipo tena. Ukimaliza, toka tu. Uliyoandika zamani yote yapo." Divelopa akasema ngoja, bila mtandao yanabaki kwenye simu tu mpaka mtandao urudi, nikaliongeza na hilo, maana mtu akipoteza simu kabla mtandao haujarudi ndo atakumbuka kusoma, na atasoma kwa sauti.

Bosi akaona fupi mno. Nikamwambia Google Play wanakupa herufi 500 tu kwa kila lugha, na Apple ingawa wanakupa 4,000 zinazoonekana ni mistari michache ya juu mpaka mtu abonyeze aone zaidi, sasa ukiijaza furaha yako hapo juu habari yenyewe inafichwa chini. Na hata hivyo simu nyingi zinajiapdeti zenyewe mwenyewe kalala, ukurasa wa apu kule Google Play au App Store haufungui kabisa. Ndo maana meseji ya ndani ya apu ina kazi kubwa kuliko ya kule nje.

Hapo bosi akachangamka, akataka itokee mtu akifungua apu tu, ifunike skrini nzima. Jamani! Mtu kafungua apu mbiombio kuna mwenzie anamsomea namba ya simu aiandike, wewe unamzibia njia na tangazo, si ataifunga kwa hasira? Tukaiweka ndogo, palepale kitufe kilipokuwa, itokee mara moja tu mtu anapomaliza kuandika, yaani wakati jicho lake linakitafuta. Na anayeingiza apu leo kwa mara ya kwanza asionyeshwe kabisa, yeye hicho kitufe hajawahi kukijua, utamtangazia msiba wa mtu asiyemfahamu.

Tukadhani tumemaliza. Kumbe mabadiliko yenyewe yanafunguliwa kidogo kidogo, watumiaji wachache kwanza, ila meseji imeachiwa kwa wote! Watu wanaambiwa kitufe hakipo na wanakiona hiki hapa. Mmoja akatuandikia, "Mbona kipo, nimekibonyeza sasa hivi, mnaumwa?" Ikabidi meseji ifungwe kwenye swichi ileile ya mabadiliko, asiyeyapata asiione.

Bosi sasa anatembea na takwimu za walioiona. Kuiona! Aliyeifunga bila kusoma naye yumo humo. Mimi naangalia maswali yanayokuja huduma kwa wateja, kama "Hifadhi iko wapi" bado linamiminika, ujue hakuna aliyesoma. Na limepungua kweli, nikaanza kuringa kidogo, ndo likaja kundi jipya: "Tunajua inajihifadhi, tumesoma, ila turudishieni kitufe, bila kukibonyeza hatulali vizuri."

Bosi kakubali. Kitarudi apdeti ijayo, hakitafanya kazi yoyote, ni cha kubonyeza tu roho itulie, na keshaniagiza niandike meseji yake. Sasa hiyo naiandikaje?