Gigahazi au kashe: prosesa inaposubiri RAM

«Inakuwaje prosesa ya GHz 4.5 iishinde ya GHz 4.7 kwenye gemu, na viini ni vilevile?»

Tuchukue Ryzen 7 5800X ya AMD na nduguye 5800X3D, iliyoingia sokoni Aprili 2022. Zote zina viini 8 vya Zen 3. Ya kwanza hufika GHz 4.7 na ina MB 32 za kashe ya ngazi ya tatu, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ya pili huishia GHz 4.5, lakini juu ya chipu yake pamebandikwa kipande cha silikoni chenye MB 64 zaidi, hivyo kashe hiyo inafika MB 96. Kwa kuwa mengine karibu yote yanafanana, jozi hii inatuwezesha kupima kashe dhidi ya mapigo, yaani zile gigahazi, bila kubahatisha sana.

Katika kazi kama kubana video, data husomwa kwa mfuatano, na prosesa huiagiza mapema kutoka kwenye RAM kabla haijahitajika. Gemu ya kuendesha kiwanda kama Factorio ni habari nyingine. Kila hatua ya mchezo hupitia maelfu ya mashine na mikono ya kupakia mizigo, ambayo taarifa zake zimetawanyika, na mara nyingi anwani ya taarifa inayofuata haijulikani mpaka ile ya kwanza isomwe. Hapo kuagiza mapema hakusaidii, na kiini hukaa kama mwashi aliyeishiwa saruji. RAM huweza kuchukua nanosekunde zipatazo 70 kujibu, ambazo kwa GHz 4.5 ni mapigo zaidi ya 300 yanayopita bure, wakati kashe ya ngazi ya tatu hujibu ndani ya mapigo 50 hivi, yaani takriban nanosekunde 11.

Tupige hesabu ya kubuni, iliyorahisishwa. Tuseme fremu moja inahitaji milisekunde 3 za ukokotoaji na safari 100,000 za kwenda RAM, kila moja ikisubiriwa hadi mwisho. Safari hizo zinakula milisekunde 7, fremu inamalizika kwa 10, na tunapata fremu 100 kwa sekunde. Tukiongeza mapigo kwa asilimia 10, zile 3 zinapungua kuwa 2.73 lakini zile 7 hazitikisiki, kwa hiyo tunaambulia fremu kama 103. Sasa turudishe mapigo ya awali, tuongeze kashe, na nusu ya safari ziishie humo: kusubiri kunashuka hadi milisekunde 4.05, fremu inachukua 7.05, nasi tunakaribia fremu 142. Prosesa halisi hupunguza sehemu ya kusubiri huko kwa kutanguliza maagizo mengine, kwa hiyo pengo la kweli huwa dogo kuliko hilo, ila mwelekeo ni huohuo.

Wanaotetea mapigo, hata hivyo, wana hoja ambayo mashabiki wa X3D hupenda kuiruka. Gemu ambayo taarifa zake za kila fremu tayari zinatosha kwenye kashe ya kawaida haina safari za kuokoa. AMD wenyewe, walipoitambulisha 5800X3D Januari 2022, walionyesha kwamba kwenye gemu ya CS:GO ilitoka sare na 5900X, prosesa yao nyingine isiyo na kipande hicho cha kashe. Isitoshe, silikoni ya juu ilizuia joto kutoka na ililazimisha volti zipunguzwe, ndiyo maana mapigo yalishuka. Dosari hiyo ilipunguzwa sana katika 9800X3D ya Novemba 2024, ambayo kashe yake iliwekwa chini ya viini na mapigo yakapanda hadi GHz 5.2. Tena kashe ina kikomo: hata kwenye Factorio, kiwanda kikishakuwa kikubwa mno kwa MB 96, safari za RAM hurudi na faida hupungua.

Kipimo cha matumizi ya prosesa kwenye skrini hakikwambii uko upande gani, kwa sababu kiini kinachosubiri RAM nacho huhesabiwa kuwa kina kazi. Mimi huanza kwa kushusha resolusheni. Fremu zisipoongezeka, tatizo si kadi ya grafiki. Kisha huingia BIOS na kushusha kasi ya RAM, tuseme kutoka 3600 hadi 2666, nikapima sehemu ileile ya gemu, halafu nikairudisha na kupunguza mapigo ya prosesa kwa asilimia 5. Fremu zikianguka sana katika jaribio la kwanza na kidogo tu katika la pili, gemu hiyo inadai kashe, na X3D inastahili bei yake. Matokeo yakigeuka, ningenunua mapigo. Na anayecheza kwa 4K huku kadi yake ikilemewa muda wote hana haja ya jaribio lolote kati ya hayo mawili, maana prosesa zote mbili zitampa karibu fremu zilezile.