Risiti ya kodi si leseni

Mpwa wangu ana kibanda cha uwakala wa pesa za simu Ngamiani, hapa Tanga. Mchana hutoa na kuweka pesa za watu, usiku hununua sarafu ya mtandaoni iitwayo USDT kwa huyu na kumuuzia yule. Juzi kaniambia: "Mjomba, siku hizi biashara yetu halali, mbona serikali inatoza kodi?"

Nikamkumbusha tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019. Lilisema fedha halali nchini ni shilingi, na kwamba kuuza, kutangaza na kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Kilichokuja Julai 2024, kupitia Sheria ya Fedha, ni kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya mali za kidijitali. Anayetakiwa kuikata ni mwenye jukwaa au anayewezesha mauziano, kabla ya kumlipa muuzaji. Sheria hiyo inasema nani akate na akate kiasi gani. Haimpi mtu leseni ya kuuza sarafu. Mamlaka ya Mapato hukusanya, haihalalishi.

Mpwa wangu hakuridhika, nikachukua karatasi. Tuseme ananunua USDT kwa shilingi 1,000,000 na kuziuza kwa 1,015,000. Faida yake ni 15,000, na kwa mzunguko wa usiku mmoja si haba. Sasa kata asilimia 3 ya malipo yote, yaani ya 1,015,000. Ni 30,450. Mkononi zinabaki 984,550, pungufu ya mtaji wake. Ili asirudi nyuma angelazimika kuuza kwa takriban 1,031,000, na nani Tanga atamlipa hivyo wakati jirani anauza rahisi kwa sababu hakatwi?

Hapo ndipo ninapokerwa. Kodi ya mauzo ghafi haimsumbui aliyenunua akakaa nazo miaka miwili bei ikapanda mara mbili. Inamuumiza huyu wa faida nyembamba anayezungusha mtaji kila siku. Naye hataacha. Atahamia kulipana taslimu na kuaminiana kwa ujumbe wa simu, huko ambako akidhulumiwa hana pa kwenda.

Na matapeli wameshalielewa pengo hili kati ya kodi na leseni. Wanakuonyesha cheti cha BRELA na namba ya mlipakodi, ukidhani umeona kibali. BRELA husajili kampuni na majina ya biashara, hata duka la vitenge lina cheti chake. Mtu akikuahidi faida ya sarafu, muulize leseni ya kuchukua pesa za watu imetolewa na nani, Benki Kuu au Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kisha uipigie simu mamlaka hiyo mwenyewe, usitumie namba aliyokupa yeye.

Mpwa wangu alikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Basi mjomba," akasema, "hizi nilizonazo niziuzie wapi?"