Weka "haikufaulu" kwenye slaidi ya kwanza

Niliwahi kuwasilisha mradi wa kuwakumbusha akina mama kliniki kwa ujumbe wa simu. Mahudhurio hayakupanda. Nilikuwa na slaidi 19, na ukweli huo niliuweka kwenye ya 16, baada ya picha za mafunzo na ramani ya kata zetu. Nilipofika ya tano, mama mmoja wa ofisi ya afya akanyoosha mkono: "Samahani mwanangu, akina mama waliongezeka au hawakuongezeka?" Nikajibu, "Tutafika huko, mama." Akafunga daftari lake. Kuanzia hapo kila nilichosema kilisikika kama kujitetea.

Tangu siku hiyo nashikilia kwamba matokeo mabaya yasemwe dakika ya kwanza, kwa namba, bila kupambwa. Kazi yenyewe ni mpangilio wa kinachofuata, na mfano ninaoutumia kufundishia vijana ni FEM-PrEP. Jaribio hilo lilipima kama kidonge cha Truvada, kikimezwa kila siku, kingewakinga wanawake na VVU. Walishiriki wanawake 2,120 wa Bondo nchini Kenya, Afrika Kusini na Tanzania, ambako Arusha nayo ilikuwa miongoni mwa vituo. Lilisimamishwa Aprili 2011, baada ya kuonekana kwamba hata likiendelea halitaonyesha kinga.

Slaidi ya kwanza ningeandika hivi: waliopata VVU kwenye kundi la dawa ni 33, kwenye kundi la kidonge bandia ni 35. Basi. Ya pili ingeonyesha tulichoahidi kabla ya kuanza, kwa maneno yaleyale ya andiko la mradi, ili asitokee mtu, hata mimi mwenyewe, wa kuhamisha goli baada ya mpira kupigwa.

Ya tatu ndiyo wengi huiruka. Ukiona 33 kwa 35 ulimi unakimbilia kusema "dawa haifanyi kazi." Lakini makisio ya jaribio lile yalitanda kutoka maambukizi kupungua kwa asilimia 41 hadi kuongezeka kwa asilimia 52. Kwa upana huo, huwezi kusema umethibitisha kwamba dawa haina faida. Unachoweza kusema ni kwamba hukuiona. Chora mstari wa makisio hayo ukutani, uache watu wautazame, kisha uwaeleze tofauti hiyo taratibu.

Halafu lije swali lenye uzito kuliko yote: je, kilichopimwa kilitumika? Wanawake 95 kati ya kila 100 walisema humeza dawa kila mara au mara nyingi. Vidonge vilivyorudishwa vilipohesabiwa, ilionekana vimemezwa karibu siku 88 kati ya 100. Damu ikasema mengine: dalili za kumeza dawa siku za karibuni zilipatikana kwa chini ya asilimia 40 ya waliopimwa, wakiwemo wale ambao hawakuambukizwa. Namba hizo tatu ziwekwe kwenye slaidi moja, zikitazamana. Ukizitawanya, msikilizaji haoni kwamba jaribio halikupata nafasi ya kukipima kidonge chenyewe. Na mwaka uleule wa 2011, jaribio jingine la Kenya na Uganda, Partners PrEP, lilionyesha dawa hiyohiyo ikipunguza maambukizi kwa asilimia 75 kwa watu ambao mwenza mmoja ana VVU na mwingine hana.

Hapa naomba tuwe waangalifu sana na lugha. Nimesikia watu wakieleza matokeo ya namna hii kwa kusema "washiriki walidanganya." Sentensi hiyo inawageuza wanawake waliojitolea miezi mingi na damu yao kuwa watuhumiwa, na tena haielezi kitu. Takribani asilimia 70 yao walijiona hawana hatari ya kuambukizwa, au wanayo ndogo tu. Mtu mzima wa afya, asiyejiona hatarini, anaambiwa ameze kila siku kidonge ambacho huenda ni bandia. Ningesema hivi: "Tulitegemea maneno ya mdomo na hesabu ya vidonge, na njia zote mbili zilitupotosha." Kosa hapo linakaa kwenye kipimo, mahali ambapo linaweza kurekebishwa.

Kwenye mradi wangu swali hilo la matumizi sikuliuliza mpaka mwisho. Tulipopiga simu kuhakiki, namba nyingi zilipokelewa na waume au mashemeji. Ujumbe ulifika kwenye simu, mama hakuuona. Niliporudi kwa watu walewale slaidi zilikuwa sita, na ya nne ilikuwa na swali moja tu: simu ni ya nani? Yule mama alifungua daftari, akaniuliza kama wahudumu wa afya wa vijiji wangeweza kupewa orodha ya majina badala ya namba.